Fremu ya mashine ya kusaga: kona ipi uchomelee, na uizuieje isipinde

Mashine ya kusaga nafaka haivumilii fremu iliyopinda. Kinu na mota vinakaa juu ya chuma kimoja, mkanda unatoka puli hii kwenda puli ile, na kona moja ikinyanyuka milimita 4 tu, puli hazitazamani tena. Mkanda utalika upande mmoja, utachemka, utaanza kuruka, na mwenye mashine atalalamika kwamba dukani wanamuuzia mikanda feki. Geti likipinda kiasi hicho hicho unalegeza bawaba, linafunga, kazi imekwisha. Ndiyo maana ulinganisho huu wa aina za kona na wa njia za kuzuia kupinda naufanya juu ya fremu ya mashine: makosa yake yanaonekana.

Tuchukue fremu ya skwea paipu ya 50 kwa 50, unene milimita 3, yenye vipimo vya nje 1200 kwa 900, na mihimili miwili ya kati ya kubebea kinu na mota. Vipimo hivyo nimevichagua kwa makusudi. Ukipima kona kwa kona lazima upate 1500 kamili, kwa hiyo tepu peke yake inakuambia kama fremu iko skwea.

Kona: nyuzi 45, kukata wima, au kupandanisha

Kupandanisha nakuondoa mapema. Kuweka engo juu ya engo na kuichomelea kingo ni rahisi, hakuhitaji mkato safi, na kwa dirisha la nondo au rafu ya stoo hakuna ubaya. Kwenye fremu ya mashine unabaki na ngazi kwenye kila kona, mahali ambapo unataka uso mmoja ulionyooka. Tena kati ya vipande viwili vilivyopandana kuna mwanya usioingia brashi ya rangi. Mjini Tanga au Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, kutu huanzia humo humo na kutokeza nje rangi ikiwa bado inang'aa.

Ushindani wa kweli uko kati ya hizi mbili zilizobaki.

Kona ya nyuzi 45 inafunga paipu pande zote. Hakuna mdomo ulio wazi, na pande mbili za kona zinafanana, kwa hiyo joto linagawanyika sawa kwa kila kipande. Gharama yake ni urefu wa mshono na usahihi wa mkato. Mstari wa mshono juu na chini unakuwa kama milimita 71 badala ya 50, kwa hiyo kuizunguka kona moja ni karibu milimita 241, wakati ile ya kukata wima ni 200. Hilo si kubwa. Kubwa ni mkato. Kila kipande kikikosea nyuzi 1 tu kuelekea upande mmoja, kwenye ncha ya ule mstari wa milimita 71 unapata mwanya wa karibu milimita 2.5. Mwanya wa namna hiyo kwenye ukuta wa milimita 3 lazima uujaze kwa chuma kingi cha moto, nacho kikipoa kinasinyaa na kuivuta kona kuelekea pale palipokuwa wazi. Fundi analaumu mashine ya kuchomelea, kumbe kona iliharibika kwenye grainda.

Kona ya kukata wima ni paipu moja kupita hadi mwisho na nyingine kuja kuigonga ubavuni. Mkato wa nyuzi 90 ni mwepesi, hata kwa grainda ya mkononi ukizungusha mstari kwa skwea pande zote nne. Shida zake ni mbili. Mdomo wa paipu inayopita unabaki wazi, kwa hiyo unahitaji kifuniko cha bati la milimita 3. Ya pili haionekani mpaka uanze kazi: kingo za skwea paipu ni za mviringo, na pale ambapo uso wa paipu moja unakutana na ule mviringo wa nyenzake pana bonde. Ukitaka uso uwe sawa lazima ulijaze, na kulijaza ni chuma na joto zaidi ya ulivyopanga. Usilijaze mpaka juu kwa sababu ya sura tu. Mshono ukishika vizuri kuta zote mbili, inatosha.

| | Nyuzi 45 | Kukata wima |
|---|---|---|
| Mkato | Unadai mashine ya kukatia iliyopimwa | Hata grainda ya mkononi |
| Urefu wa mshono kwa kona | Takriban mm 241 | Mm 200, bila kuhesabu kifuniko |
| Hatari kubwa | Mwanya unaovuta kona | Bonde la mviringo linalomeza chuma |
| Inafaa | Fremu inayoonekana, iliyo nje | Fremu ya ndani, karakana ndogo |

Uamuzi wangu ni huu: kama una mashine ya kukatia ambayo umeihakikisha kwa kukata vipande viwili, ukaviunganisha na kuvipima kwa skwea, tumia nyuzi 45. Kama unakata kwa grainda ya mkononi, kata wima na uweke vifuniko. Nyuzi 45 mbaya inashindwa na kona wima nzuri kila siku.

Mihimili ya kati haina mjadala, inaingia kwa umbo la T. La kuangalia ni urefu. Mhimili uliokatwa mrefu kwa milimita 2 na kugongwa kwa nyundo mpaka uingie umeshaitanua fremu kabla hujawasha mashine. Ukate uingie kwa kusukumwa na mkono, mwanya usizidi nusu milimita kila upande.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: paipu iliyofungwa pande zote ina hewa ndani. Unapofunga sentimita ya mwisho ya mshono, hewa hiyo imeshachemka na inatafuta pa kutokea, nayo inatoboa dimbwi la chuma lililoyeyuka. Unaziba, inatoboa tena. Toboa tundu la milimita 3 upande wa chini wa kila paipu kabla ya kufunga, na tatizo limekwisha.

Eneo lililoathiriwa na joto: chuma laini na chuma cha skrepa

Ukimaliza mshono unaona ukanda wa rangi pembeni mwake, njano ya majani makavu halafu bluu. Wengi wanadhani huo wote ndio uliobadilika. Hapana. Rangi ya njano hutokea chuma kikifika nyuzi joto 220 hivi, na bluu karibu 300, na hiyo ni ngozi nyembamba ya oksidi juu ya uso. Muundo wa ndani wa chuma cha kawaida huanza kubadilika karibu nyuzi 727. Sehemu iliyopita hapo bila kuyeyuka, ndiyo eneo lililoathiriwa hasa, ni ukanda mwembamba wa milimita chache kando ya mshono.

Kwenye skwea paipu ya kawaida ukanda huo haukupi wasiwasi. Kaboni yake ni ndogo, ikipoa haraka haigeuki kuwa ngumu kiasi cha kupasuka. Mambo yanabadilika mtu anapoleta chuma cha skrepa: kipande cha springi ya lori awekee mguu wa mota, au ekseli ya zamani itumike kama shafti. Hivyo vina kaboni nyingi. Mshono mdogo kwenye chuma kinene cha aina hiyo hupoa kwa kasi, kwa sababu chuma baridi kinachouzunguka kinanyonya joto, na ule ukanda unakuwa mgumu na mkavu kama kioo. Unyevu uliokuwa kwenye rodi unaingiza haidrojeni, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa baadaye, kandokando ya mshono na si katikati yake. Fundi anaamka asubuhi anakuta mshono mzuri wa jana umebanduka na kipande cha springi.

Kukijua chuma hicho hakuhitaji maabara. Kisugue kwenye jiwe la grainda: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache, na chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazolipuka na kutawanyika karibu na jiwe. Baada ya kuchomelea kipande cha majaribio, pitisha tupa kando ya mshono. Tupa ikikamata na kutoa unga, ukanda bado ni laini. Ikiteleza kama juu ya kigae, umeshaugumisha.

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa sababu dawa ya kupinda na dawa ya ufa zinapingana. Ili fremu isipinde unataka joto dogo. Ili chuma chenye kaboni kisipasuke unataka kipoe polepole, maana yake ukipashe kwanza, nyuzi 150 hadi 200 hivi kwa vyuma vingi vya kaboni ya kati, utumie rodi kavu za 7018, halafu ukifunike kwenye majivu au mchanga mkavu. Springi ya lori inadai zaidi ya hapo, na ushauri wangu ni kutoichomelea kabisa kwenye fremu. Ifunge kwa bolti, au uiache na ununue bati la kawaida la milimita 10.

Kwa fremu yetu ya chuma laini, basi, tunafuata joto dogo. Kiasi cha joto kwa kila milimita ya mshono kinapigwa hivi, kabla ya kutoa kile kinachopotea hewani:

```
J/mm = V × A × 60 ÷ kasi (mm kwa dakika)
```

Rodi ya 6013 ya milimita 2.5, volti 23, ampia 80, ukienda milimita 150 kwa dakika, unaingiza jouli 736 kwa milimita. Ukienda polepole nusu ya hapo, ni 1472. Ampia hujazigusa, mashine ni ile ile, lakini joto limekuwa mara mbili. Fundi anayesota mahali pamoja ili mshono "unenepe" ndiye anayepinda fremu, hata kama ameshusha ampia.

Kwa nini inapinda, na kipi kinazuia

Chuma kikipashwa moto kinatanuka. Mita moja ikipanda nyuzi 100 inaongezeka milimita 1.2. Hilo lisingekuwa na neno kama kingekuwa huru, kwani kikipoa kingerudi palepale. Lakini sehemu unayoichomelea imebanwa na chuma baridi kinachoizunguka. Chuma laini kilichobanwa kabisa kinafikia kikomo chake cha kuvumilia kikipanda nyuzi 100 hivi tu. Kuanzia hapo kinajikandamiza, kinakuwa kinene na kifupi. Kikipoa kinataka kusinyaa kutoka kwenye ule ufupi, na hapo ndipo kinapovuta kila kilichoshikana nacho. Kwa hiyo huwezi kuuzuia mvuto usiwepo. Unachoweza ni kuupunguza, kuupa mpinzani wa upande wa pili, au kuushikilia.

Kuupunguza ndiko kunakolipa kuliko vyote, na ndiko kunakopuuzwa. Mteja anasema, "Fundi, niwekee mshono mnene, mashine yangu inatetemeka," na fundi anatii. Fileti, yaani ule mshono wa pembetatu unaokaa kwenye kona ya ndani, wenye mguu wa milimita 4 una eneo la milimita za mraba 8. Ukiufanya wa milimita 6 eneo linakuwa 18. Umeongeza mguu kwa nusu, ukaongeza chuma na joto zaidi ya mara mbili. Nguvu haikuongezeka hivyo: unene unaohesabika wa fileti ni kama 0.7 ya mguu, kwa hiyo imepanda kwa nusu tu, na ukuta wa paipu wa milimita 3 utachanika kabla mshono haujaitumia nguvu hiyo ya ziada. Kwa paipu hii mguu wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Bati la mota la milimita 10 ukilichomelea kwenye paipu hiyo, mguu unabaki ule ule, kwa sababu mnyonge ndiye anayepima. Elekeza tu moto zaidi kwenye bati, maana ndilo linalonyonya joto na kuuacha mshono umelala juu yake bila kushika.

Klampu zinashikilia, na wengi wanaziamini kupita kiasi. Fremu iliyobanwa kwenye meza nzito inatoka imenyooka zaidi kuliko iliyoachwa huru sakafuni, hilo halina ubishi. Lakini mvuto uliozuiwa haujatoweka, umelala ndani ya chuma, na ukifungua klampu fremu inaruka kidogo. Ukiifungua ingali moto inaruka zaidi, kwa sababu kusinyaa hakujaisha. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kona. Kumwagia maji ili upesi uiondoe mezani ni tabia ya kuacha, hasa pale usipojua chuma kimetoka wapi.

Kuitega kabla ni kinyume chake: unaipindua kona kidogo upande wa pili ili mshono uirudishe sawa. Inafaa kwa karakana inayotengeneza fremu zile zile nyingi, ikishajua kona yake inavutwa kiasi gani. Kwa fremu moja ya mteja mmoja unabahatisha.

Kuna pia kuchomelea kwa kurudi nyuma, ambapo kila kipande kifupi cha mshono kinaelekea kule mshono wote ulikotoka. Ni mbinu nzuri ya mishono mirefu, tuseme bati refu kwenye chaneli. Kwenye kona za paipu ya 50 mishono yenyewe ni mifupi mno, haina kazi.

Kinachobaki, na ndicho ninachokipa nafasi ya pili baada ya mshono mdogo, ni mpangilio: kila mvuto uupe mpinzani wake mapema. Mshono wa juu ya kona huinua kona, wa chini huishusha. Mshono wa pembe ya ndani hufunga pembe, wa nje huifungua. Na ule wa kwanza kati ya wawili ndio unaovuta zaidi, kwa sababu unakuta kona ingali huru.

Fremu yenyewe, hatua kwa hatua

Laza vipande juu ya meza iliyonyooka, bana, weka taki, yaani vishono vya kushikilia tu, za urefu wa milimita 10 hivi: mbili kwa kila kona, nje na ndani. Pima kona kwa kona. Ukipata 1503 upande mmoja na 1497 upande mwingine usiseme "si mbaya". Tofauti hiyo ya milimita 6 maana yake ubavu wa 900 umeegama karibu milimita 4. Ibane kona kwa kona kwenye ule mrefu mpaka zote mbili zisome 1500, ndipo uweke taki juu, geuza, uweke na chini. Pima tena baada ya kugeuza, kwani taki nazo zinavuta.

Zipe kona namba 1 hadi 4 kwa kuzunguka. Chomelea mshono wa nje wa kona 1, rukia kona 3, halafu 2, halafu 4. Rudia ya ndani kwa mzunguko ule ule. Kisha uso wa juu wa kona 1 na 3 tu. Geuza, bana, uso wa chini wa zote nne, kwa kupishana. Geuza tena, malizia juu ya 2 na 4. Kugeuza huko kunachosha na kunaudhi, lakini kunahakikisha kwamba hakuna uso uliomaliza kuvuta kona zote nne kabla upande wa pili haujaanza. Mihimili ya kati ichomelewe kwa kufuata kanuni hiyo hiyo, mwisho mmoja wa huu, halafu mwisho wa pili wa ule.

Fremu ikishapoa, pima kupindika kwa nyuzi mbili za kushonea zilizovutwa kona kwa kona juu ya uso. Pale zinapokatana katikati zinapaswa kugusana bila kusukumana. Mwanya ukiwa milimita 1, kona moja iko juu kwa milimita 2, kwa sababu katikati unaona nusu tu. Halafu badilisha, uzi uliokuwa chini uwe juu, upime tena. Ukipima mara moja tu, fremu iliyopinda kuelekea upande wa pili itausukuma uzi na wewe utaona zimegusana, ukaridhika.

Ikionekana imezidi, kunyoosha kwa moto kunawezekana: pasha doa dogo kwenye upande uliotuna, mpaka wekundu wa giza, karibu nyuzi 600, uliache lipoe lenyewe, kisha upime kabla ya doa la pili. Unatumia ule ule mvuto uliokuharibia. Ila kwa kona iliyonyanyuka milimita 1 au 2 sioni haja ya kuwasha gesi. Weka vibati vyembamba chini ya mguu unaoning'inia kabla ya kukaza bolti za sakafuni. Ukizikaza bila vibati, zege litaivuta fremu na kuipindua upya.

Matundu ya mota yatoboe mwisho kabisa, baada ya mishono yote kupoa na fremu kukaa mahali pake. Yafanye marefu kuelekea upande wa kukazia mkanda. Weka rula ndefu iguse nyuso za puli zote mbili kwa pointi nne, sogeza mota mpaka ziguse, ndipo uweke alama ya kutoboa.